Daftari la oda la fundi cherehani: namna ya kulipanga ili kila asubuhi ujue nguo zinazodaiwa

Mafundi wanaofungua kibanda chao cha kwanza huniuliza maswali yaleyale: niandike vipimo wapi, nichukue arbuni kiasi gani, na nifanyeje mteja asinikute kitambaa chake bado kimekunjwa. Nimeamua kuyajibu hapa mara moja, kwa mpango wa mtu mwenye kibanda kidogo Mombasa, cherehani moja au mbili na simu mkononi.

Daftari la kawaida lina kasoro moja kubwa. Linaandikwa kwa mpangilio wa wateja walivyoingia, ilhali kazi inadaiwa kwa mpangilio wa tarehe za ahadi. Aliyeleta kitambaa jana huenda anataka nguo keshokutwa, na aliyeleta wiki tatu zilizopita hana haraka. Ukifungua daftari asubuhi, ukurasa ulio mbele yako hausemi lolote kuhusu kinachodaiwa leo. Basi tutagawa kazi: vipimo vibaki kwenye karatasi, tarehe na pesa ziingie kwenye simu, na namba moja iunganishe vyote.

Vitu vya kuandaa

- Daftari gumu la kurasa nyingi. Andika namba kwenye kila ukurasa kabla hujaanza kulitumia.
- Futi ya kupimia isiyovutika. Futi ya plastiki iliyozeeka huongezeka urefu. Ilinganishe na rula ya chuma, na ikipishana itupe.
- Stepla, pini, na vipande vidogo vya karatasi ngumu vya kuandikia namba.
- Simu yenye Google Sheets, na akaunti ambayo neno lake la siri unalijua. Kuandaa faili ni rahisi zaidi kwenye kompyuta, kwa hiyo nenda saiba siku moja umalize. Baada ya hapo simu inatosha.

1. Andika vipimo kwenye ukurasa mmoja, oda moja

Juu ya ukurasa weka namba ya oda, jina la mteja na tarehe uliyompima. Tarehe hiyo si pambo. Mtoto wa shule aliyepimwa Agosti si yuleyule Januari shule zikifunguliwa, na mwanamke aliyepimwa akiwa na mimba changa hatakuwa hivyo baada ya miezi mitatu. Mteja akikwambia tumia vipimo vya zamani, angalia tarehe kwanza.

Kwa gauni andika kila mara kwa mpangilio uleule: shingo, bega, kifua, chini ya kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, mzunguko wa mkono, na urefu kutoka begani. Mpangilio ukiwa ni mmoja, kipimo ulichosahau kitaacha pengo utakaloliona mteja akiwa bado amesimama mbele yako. Kanzu haihitaji orodha ndefu hivyo, lakini urefu wake usiukisie. Mpime akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo. Gauni refu ni vivyo hivyo, hasa kama atavaa viatu vya kisigino.

Kosa linaloharibu vitambaa vingi kuliko jengine lolote ni kuchanganya kipimo cha mwili na kipimo cha nguo. Kifua cha inchi 38 ulichopima mwilini bado hakina nafasi ya kupumua. Wewe utaiongeza unapokata. Lakini mteja akikuletea dera lake na kusema "nishonee kama hili", ukalitandaza mezani ukapata inchi 21 upande hadi upande, hiyo ni nusu ya mzunguko, na nafasi imo ndani tayari. Mzunguko wa nguo hiyo ni inchi 42. Fundi akiongeza nafasi juu ya 42, nguo inakuwa gunia. Kwa hiyo mbele ya kila seti ya vipimo andika M kwa mwili au N kwa nguo, na ukiandika N andika mzunguko mzima. Tumia inchi peke yake au sentimita peke yake daftari zima.

Chini ya vipimo chora mshono hata kama huna mkono wa kuchora: shingo ikoje, zipu iko wapi, mkono unaishia wapi. Kisha kata kipande kidogo cha kitambaa pembeni, ukibane kwa stepla kwenye ukurasa, na uandike mita ulizopokea. Mteja akirudi kudai alileta mita 6, ukurasa utaonyesha mita 5 mlizopima pamoja siku ile.

2. Toa namba, na iandike mahali patatu

Namba ya oda hairudiwi, hata mteja akiwa ni dada yako. Iandike kwenye ukurasa wa vipimo, kwenye risiti ya mteja, na kwenye karatasi ngumu unayoibana kwa pini juu ya kitambaa. Vitambaa viwili vya harusi moja vilivyonunuliwa duka moja mtaa wa Biashara hufanana rangi na chapa, na bila namba utakuja kukata cha mama kwa vipimo vya binti. Kitambaa kikishakatwa, funga vipande vyote pamoja na namba yao, bitana na zipu zikiwemo.

3. Tengeneza faili lenye shiti tatu

Fungua faili jipya. Kabla ya chochote nenda `File > Settings`, kwenye `Locale` chagua `United Kingdom`, na kwenye `Time zone` chagua Nairobi. Ukiiacha `United States`, ukiandika 05/11 faili litasoma tarehe 11 mwezi wa tano badala ya tarehe 5 mwezi wa kumi na moja, wala halitakuambia.

Shiti ya kwanza iite `Oda`. Mstari wa kwanza ni vichwa, kuanzia kolamu A hadi L:

```
Namba | Jina | Simu | Nguo | Ukurasa | Bei |
Imeingia | Kujaribu | Ahadi | Hali | Salio | Inayofuata
```

Kolamu ya Simu ibadilishe kwa `Format > Number > Plain text`, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea. Kolamu ya Hali iwekee orodha ya kuchagua kwa `Insert > Dropdown`, yenye maneno haya matano: MPYA, IMEKATWA, IMEJARIBIWA, TAYARI, IMECHUKULIWA. Usiyaandike kwa mkono. Nafasi moja iliyozidi mwishoni mwa neno inatosha kulichanganya faili.

Shiti ya pili iite `Malipo`, kolamu nne: Tarehe, Namba, Kiasi, Njia. Ya tatu iite `Leo` na uiache tupu kwanza.

4. Pesa zote zipitie Malipo

Wengi huweka kolamu moja ya arbuni ndani ya oda. Inafaa mpaka mteja alipe mara tatu: arbuni, kidogo siku ya kujaribu, na salio siku ya kuchukua. Hapo fundi hufuta namba ya zamani na kuandika jumla mpya, na kumbukumbu ya nani alilipa lini inafutika. Badala yake kila pesa inayoingia ipate mstari wake kwenye `Malipo`, na salio lijipige lenyewe. Kwenye `Oda`, kisanduku K2, weka:

```
=IF(A2="","",F2-SUMIF(Malipo!B:B,A2,Malipo!C:C))
```

Iteremshe mpaka mstari wa 500.

Arbuni iwe kiasi gani? Nusu ya bei ni desturi ya wengi, lakini mimi huangalia kitu kingine kwanza: pesa nitakazotoa mfukoni kabla nguo haijaisha. Kama kitambaa ni cha mteja, utanunua bitana, zipu, vifungo na uzi. Kama kitambaa ni chako, arbuni ifunike gharama yote ya kitambaa, maana mteja akitoweka utabaki na gauni la kipimo cha mtu mmoja tu. Na mkasi usiguse kitambaa kabla mstari wa arbuni haujaingia kwenye `Malipo`.

Mteja akilipa kwa M-Pesa, subiri ujumbe uingie kwenye simu yako. Ujumbe anaokuonyesha kwenye simu yake si malipo. Kwenye kolamu ya Njia nakili msimbo wa muamala. Akilipa mkononi andika "taslimu".

5. Uliza siku ya kuvaa, kisha uahidi siku nyengine

Mteja akiulizwa "unaitaka lini?" hujibu siku ya shughuli yenyewe. Usiiandike hiyo kwenye Ahadi. Rudi nyuma siku tatu, maana nguo ikigoma begani siku ya kuchukua lazima pawe na nafasi ya kuirekebisha. Kwa nguo ya kubana au ya harusi weka pia tarehe ya Kujaribu, siku nne hivi kabla ya Ahadi. Kanzu ya kawaida au kupunguza suruali haihitaji. Acha kisanduku wazi.

Sikukuu ina hesabu yake. Mwezi wa Ramadhani unaweza kuishia siku 29 au 30, na hilo halijulikani mpaka mwezi uandame. Fundi anayeahidi "siku moja kabla ya Idi" ameahidi siku isiyojulikana. Hesabu kana kwamba ni 29, usiahidi nguo yoyote baada ya mwezi 27 Ramadhani, na kwenye faili andika tarehe ya kalenda ya kawaida. Neno "Idi" kwenye kolamu ya tarehe litaifanya oda hiyo isionekane kabisa, kwa sababu nitakazoeleza chini.

Kabla hujatamka tarehe mbele ya mteja, angalia umeahidi nguo ngapi siku hiyo. Kwenye shiti ya `Leo`, andika tarehe kwenye kisanduku C1, na kwenye D1 weka:

```
=COUNTIF(Oda!I2:I500,C1)
```

Ikija 3 na wewe kwa kawaida unamaliza magauni mawili tu kwa siku, sema siku nyengine. Hesabu hii haijui kwamba moja ni gauni la harusi lenye bitana na jengine ni kupandisha pindo. Hilo utaliamua mwenyewe.

6. Ijenge orodha ya leo

Kila oda ina tarehe moja inayofuata. Kama nguo haijajaribiwa, ni siku ya Kujaribu. Ikishajaribiwa, au kama haina siku ya kujaribu, ni siku ya Ahadi. Kwenye `Oda`, kisanduku L2, weka hii na uiteremshe kama ile ya salio:

```
=IF(A2="","",IF(AND(H2<>"",OR(J2="MPYA",J2="IMEKATWA")),H2,I2))
```

Sasa nenda `Leo`. Kwenye A1 weka `=TODAY()`. Kwenye A3 weka:

```
=IFNA(SORT(FILTER(
{Oda!L2:L500,Oda!A2:B500,Oda!D2:D500,Oda!J2:K500},
Oda!A2:A500<>"",
Oda!L2:L500<=TODAY()+2,
Oda!J2:J500<>"TAYARI",
Oda!J2:J500<>"IMECHUKULIWA"),1,TRUE),"Hakuna kazi")
```

Itakuletea tarehe, namba, jina, nguo, hali na salio, kuanzia iliyochelewa zaidi. Ile `+2` inavuta kazi siku mbili mapema. Nguo ambayo haijakatwa ikionekana asubuhi ya siku ya ahadi, orodha imekusaidia tu kujua utagombana na nani. Ukiwa na kazi nzito, iweke `+4`.

Kuna kisanduku kimoja cha ulinzi. Kwenye F1 ya `Leo` weka:

```
=SUMPRODUCT((Oda!A2:A500<>"")*(1-ISNUMBER(Oda!I2:I500)*ISNUMBER(Oda!L2:L500)))
```

Hii inahesabu oda ambazo tarehe yake si tarehe. Lazima isome 0. Ikisoma 1, kuna nguo ya mtu imefichika.

7. Asubuhi na jioni

Asubuhi fungua `Leo`, tazama F1, kisha nakili orodha kwa kalamu kwenye karatasi na uibandike karibu na cherehani. Simu inazima, inapigiwa, inaombwa na mtoto. Karatasi haina mambo hayo. Kila nguo ikivuka hatua ikate kwenye karatasi, na jioni hamishia mabadiliko kwenye kolamu ya Hali. Oda mpya ziingie mteja akiwa bado yupo, umsomee tarehe na salio kabla hajaondoka.

Mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho

Jumatatu, 2 Novemba 2026, anakuja mteja, tumwite Mama Salma, na kitambaa mita 5. Harusi ni Jumamosi tarehe 14. Unampa namba 118, vipimo vinakaa ukurasa wa 64, vyote M. Bei mnakubaliana shilingi 3,500 pamoja na bitana. Anatuma 2,000 kwa M-Pesa.

"Nije lini, fundi?"

"Njoo Jumamosi tarehe 7 ujaribu, mama. Ukaichukue Jumatano tarehe 11."

Kwenye `Oda` unaandika Kujaribu 07/11/2026, Ahadi 11/11/2026, Hali MPYA. Kwenye `Malipo` mstari mmoja: 118, 2000, na msimbo. Salio linasoma 1,500, na Inayofuata ni tarehe 7.

Jumanne na Jumatano namba 118 haionekani kwenye `Leo`, na ndivyo inavyotakiwa. Una kazi za wengine. Alhamisi tarehe 5 inatokea, maana 5 na 2 ni 7. Bado ni MPYA, basi siku hiyo ni ya kukata. Ijumaa unaunganisha kwa mshono mrefu wa kushikiza tu. Jumamosi anajaribu, kiuno kinahitaji kupunguzwa inchi moja, na unaandika kipimo kipya ukurasa wa 64 kwa kalamu nyekundu bila kufuta cha zamani. Anaongeza 500 taslimu. Unaandika mstari wa pili wa `Malipo`, salio linashuka hadi 1,000. Hali unaigeuza IMEJARIBIWA.

Papo hapo Inayofuata inahamia tarehe 11 na jina linatoka kwenye orodha. Linarudi Jumatatu tarehe 9. Jumanne unamaliza, unapiga pasi, unaweka TAYARI, na jina linaondoka tena. Asipokuja Jumatano unampigia simu, na salio la kumtajia ni 1,000, si namba ya kukumbuka kichwani.

Nguo zilizo TAYARI hazionekani kwenye `Leo`, kwa hiyo ukitaka kujua pesa zilizokaa rafuni fungua shiti ya nne, iite `Rafu`, na kwenye A1 weka:

```
=IFNA(FILTER(Oda!A2:K500,Oda!J2:J500="TAYARI"),"Rafu tupu")
```

Itazame mara moja kwa wiki uwapigie simu.

Mambo yakienda kombo

*Oda ipo lakini haitokei kwenye `Leo`.* Karibu kila mara tarehe imeandikwa kama maneno: "Ijumaa" au "Idi". Faili likilinganisha neno na tarehe, huliona neno kuwa kubwa zaidi, hivyo siku yake haifiki milele. F1 ndiyo inayokuonya. Njia ya haraka ya kuitambua: tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, neno hukaa kushoto, mradi hujapanga kolamu kwa mkono.

*Badala ya tarehe unaona 46333 au namba kama hiyo.* Hakuna kilichoharibika. Chagua kolamu A ya `Leo`, kisha `Format > Number > Date`.

*A3 imeandika `#REF!`.* Kuna kitu umeandika chini ya A3 au pembeni yake, na orodha haina pa kumwagikia. Kifute. Maelezo ya kazi yaandikwe kwenye daftari au `Oda`, kamwe si ndani ya `Leo`. Kama hapana kitu hapo, hakikisha jina la shiti ni `Oda` hasa.

*Asubuhi A1 inaonyesha tarehe ya jana.* Saa za faili ni za nchi nyengine. Rudi `File > Settings` uchague Nairobi.

*Salio halishuki ingawa mteja amelipa.* Namba ya oda kwenye `Malipo` imekosewa, na pesa hizo zimepunguza deni la mtu mwengine au hazikumpunguzia yeyote. Tafuta kwa kiasi na tarehe.

*Nguo iliyochukuliwa bado inatokea.* Hali haijabadilishwa, au imeandikwa kwa mkono ikabeba nafasi mwishoni. Ichague upya kwenye orodha.

*Mtandao hakuna.* Kwenye simu washa `Make available offline` kwa faili hili siku moja kabla ya kulihitaji. Mabadiliko yatapanda mtandao ukirudi, ila msihariri watu wawili kwenye simu mbili wakati huo.

*Umefika mstari wa 500.* Tengeneza nakala ya faili, iite kwa mwaka wake, kisha kwenye faili unalotumia futa mistari ya IMECHUKULIWA zenye salio 0 pamoja na malipo yake. Ukifuta mistari, ile 500 kwenye fomula za `Leo` na `Rafu` hupungua, basi irudishe iwe 500 na uteremshe tena fomula za K na L mpaka mstari huo. Namba za oda ziendelee zilipoishia, usizianze tena kwa 1, maana kurasa za daftari bado zinazo.